Matangazo yamelipiwa, hewani hayakusikika: Nani achague fidia?

*Kituo cha redio kikishindwa kurusha tangazo, kwa kawaida hujitolea kulirusha siku nyingine. Mara nyingi uamuzi huo si wake.*

Duka la sare za shule jijini Mwanza linalipa Sh3,717,000 kwa kituo cha redio chenye studio Dar es Salaam na mtambo wa kurushia matangazo Mwanza. Makubaliano ni nafasi 90 za tangazo la sekunde 30, sita kila siku, kuanzia Desemba 26 hadi Januari 9, ili mzazi asikie bei ya sare kabla shule hazijafunguliwa Januari 12. Shule zinafunguliwa, msimu unapita, na mwenye duka anapoomba orodha ya matangazo yaliyorushwa anagundua kwamba nafasi 31 kati ya zile 90 ama hazikusikika kabisa, ama zilisikika saa ambayo mzazi amelala. Kituo kinaomba radhi kwa simu na kuahidi kumrushia “bure” nafasi 14 mwezi Februari, baada ya saa 4 usiku.

Mfano huu umeundwa kwa ajili ya makala haya, na kwa hiyo haumhusu mfanyabiashara wala kituo chochote kinachojulikana. Lakini kila kipande chake ni cha aina inayotokea katika biashara ya matangazo ya redio, na unafaa kwa sababu unaibua swali ambalo wengi hulipita bila kulijibu. Bidhaa iliyouzwa ikikosekana, nani anachagua kati ya kurushiwa upya na kurudishiwa fedha? Hoja ya makala haya ni kwamba tarehe na saa zikiwa sehemu ya kile kilichonunuliwa, na zikiwa zimeshapita, uchaguzi ni wa aliyelipa. Kituo kinaweza kupendekeza, hakiwezi kuamua. Lakini haki hiyo hupotea kirahisi, na mara nyingi hupotezwa na mlipaji mwenyewe, kwa kunyamaza au kwa kuandika barua isiyosema anachotaka.

Kilichouzwa ni saa, si sauti

Ili kuelewa kwa nini ahadi ya Februari si fidia, lazima kwanza tujue redio inauza nini. Tangazo lenyewe, yaani sauti iliyorekodiwa, ni mali ya duka. Kituo kinauza sekunde 30 za muda wake hewani, na bei ya sekunde hizo hutegemea nani anasikiliza wakati huo. Ndiyo maana orodha ya bei ya kituo hugawanywa kwa saa. Asubuhi watu wanapojiandaa na kusafiri kwenda kazini, na jioni wanaporudi, ni saa za kilele na bei huwa juu. Mchana hushuka, usiku wa manane hushuka zaidi. Muda huu hauhifadhiki ghalani. Saa 1:30 asubuhi ya Januari 5 ikishapita bila tangazo, kituo hakiwezi kuitoa tena kwa mtu yeyote.

Katika mfano wetu, nafasi moja ya saa za kilele ni Sh40,000, ya mchana ni Sh25,000 na ya usiku ni Sh15,000. Duka lilinunua nafasi 60 za kilele kwa Sh2,400,000 na nafasi 30 za mchana kwa Sh750,000, jumla Sh3,150,000. Ongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo ni Sh567,000, tunapata zile Sh3,717,000 zilizolipwa. Hesabu hii ya mwanzo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu hesabu ya madai itasimama juu yake. Mfanyabiashara anayekubali “kifurushi cha milioni tatu” bila kuandikiwa bei ya kila nafasi, siku nafasi zikikosekana hana kipimo cha kudaia. Kituo kitamwambia kwamba zilizokosekana zilikuwa zile za bei nafuu.

> “Saa 1:30 asubuhi ya Januari 5 ikishapita bila tangazo, kituo hakiwezi kuitoa tena kwa mtu yeyote.”

Tangazo linapotelea wapi

Kutoka kwenye mkono wa afisa mauzo hadi kwenye redio ya msikilizaji, tangazo hupita hatua nne, na kila hatua ina mahali pake pa kuvujia. Afisa mauzo huandika agizo. Mtu wa ratiba hulipanga katika orodha ya siku, pamoja na vipindi na muziki. Kompyuta ya studio, au fundi mitambo aliye zamu, hulicheza muda ukifika. Kisha mawimbi husafirishwa kutoka studio hadi kwenye mitambo ya mikoani, na kutoka hapo ndipo msikilizaji husikia. Kompyuta ya studio huandika yenyewe kila ilichocheza na saa iliyokicheza, na hiyo ndiyo orodha ya kilichorushwa, hati ambayo mgogoro wote utaizunguka.

Nafasi 31 za duka letu zilipotea kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilimeza nafasi 14. Kwa jioni saba, kituo kilitangaza mechi moja kwa moja kutoka uwanjani, mechi na mazungumzo ya baada yake vikavuka muda, na mapumziko mawili ya matangazo yakarukwa kila jioni. Hili ni tatizo la kupanga, na kituo kilijua ratiba ya mechi kabla ya kuuza jioni hizo. Nafasi hizi kituo kinazikiri, kwa sababu orodha yake yenyewe inaonyesha hazikuchezwa.

Njia ya pili ni ya kwetu wazungumzaji wa Kiswahili, na inastahili kuelezwa vizuri. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Agizo liliandikwa “saa 2:15”, likikusudia asubuhi, ambayo kwa kompyuta ni 08:15. Aliyeingiza akaandika 02:15. Kwa siku tano, bei ya sare za shule ikatangazwa saa 8:15 usiku. Orodha ya kituo inasema kweli tupu kwamba tangazo lilirushwa, na kwa kuwa inasema kweli, mwenye duka asiyeitazama safu ya saa ataiweka kando akidhani yuko salama. Hapa kituo kimetoa kitu, lakini si kilichonunuliwa. Kilichotolewa kina bei ya Sh15,000, kilicholipiwa ni Sh40,000.

Njia ya tatu ndiyo ngumu. Januari 3 na 4, mtambo wa Mwanza ulizimika. Studio ya Dar es Salaam iliendelea na kazi, kompyuta ikacheza tangazo mara sita kila siku, na orodha ikaandika nafasi zote 12 kuwa zimerushwa. Msikilizaji wa Dar es Salaam alizisikia. Msikilizaji wa Mwanza, ambaye ndiye pekee anayeweza kuingia katika duka hili, alisikia mkwaruzo. Orodha ya kilichorushwa inathibitisha kwamba studio ilicheza tangazo. Haithibitishi kwamba mnara ulilitoa. Kituo kinachouza matangazo kwa soko la mkoa kinauza studio na mnara pamoja, na hakiwezi kuthibitisha kazi ya mnara kwa kutumia kumbukumbu ya studio.

Orodha ya kweli hutambulikaje

Kwa sababu kumbukumbu iko mikononi mwa anayedaiwa, mlipaji hana budi kujua kuisoma. Dalili moja inatosha kuanzia nayo. Redio ni kazi ya watu, mtangazaji huongea sekunde kadhaa zaidi, wimbo huisha mapema, taarifa ya habari hurefuka. Kwa hiyo tangazo lililopangwa saa 1:30 asubuhi litachezwa leo 07:31:42, kesho 07:29:55, keshokutwa 07:33:08. Ukipewa karatasi inayoonyesha 07:30:00 kila siku kwa wiki mbili, umepewa orodha ya kilichopangwa, hata kama kichwa chake kinasema vingine. Irudishe kwa heshima na uombe ile iliyotolewa na kompyuta ya kurushia. Ukiwa nayo, tazama pia urefu. Tangazo la sekunde 30 lililoandikwa kuchezwa sekunde 11 lilikatwa njiani.

Upande wako nao unahitaji ushahidi, na si lazima uwe wa gharama. Kampuni za kufuatilia vyombo vya habari hurekodi vituo na kuhesabu matangazo kwa ajili ya wateja wakubwa. Duka la sare halina haja ya kufika huko. Linaweza kuchagua siku tatu bila kukiambia kituo, likamweka mtu asikilize saa zote zilizonunuliwa na arekodi kwa simu akitaja tarehe na saa mwanzoni. Siku tatu haziwezi kuthibitisha hasara ya siku 15, na anayezizidisha mara tano ili kupata madai makubwa atashindwa mbele ya mtu yeyote makini. Kazi ya rekodi hizo ni ndogo na ya lazima. Zinapotofautiana na orodha ya kituo, zinakupa sababu ya kudai kumbukumbu kamili, pamoja na ile ya mtambo wa mkoani inayoonyesha ulizimika lini na kuwaka lini.

Muda nao haumsubiri mtu. Vituo hurekodi matangazo yao yote, lakini rekodi hizo hufutwa baada ya kipindi fulani kupisha nyingine. Mtu anayesubiri miezi minne ndipo alalamike atakuta karatasi tu, tena karatasi za upande mmoja. Mbaya zaidi, kuchelewa kunaua ile fidia iliyo bora kuliko zote. Kama mwenye duka angeomba orodha ya wiki ya kwanza ilipofika Januari 2, nafasi za jioni zilizokosekana zingeweza kurushwa kabla ya Januari 12, wakati mzazi bado anatafuta sare. Hapo hakuna mtu angehitaji kuzungumzia kurudishiwa fedha.

Nafasi 14 kwa nafasi 14, na bado ni pungufu

Sasa turudi kwenye ahadi ya kituo. Kimekiri nafasi 14 na kinatoa nafasi 14. Masikioni ni haki. Lakini nafasi 14 za kilele ni Sh560,000 na nafasi 14 za usiku ni Sh210,000, kwa bei za kituo chenyewe. Ili thamani zilingane, kituo kingepaswa kutoa nafasi 38 za usiku, na hata hizo zingekuwa za Februari, mwanafunzi akiwa na sare yake tangu mwezi uliopita. Fidia ya kweli hulingana na kilichokosekana kwa mambo matatu: thamani, aina ya msikilizaji na msimu. Likikosekana moja, mlipaji ana haki ya kuikataa.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaegemea upande huu. Kifungu cha 55 kinasema kwamba pande mbili zikikusudia muda uwe kiini cha mkataba, na aliyeahidi akashindwa kutekeleza kwa wakati, aliyeahidiwa anaweza kuuvunja mkataba kwa sehemu ile ambayo haijatekelezwa. Matangazo ya kufungua shule ni mfano wazi wa muda kuwa kiini. Hata hivyo si busara kuacha jambo hili litafsiriwe baadaye. Mstari mmoja kwenye agizo unatosha: “Matangazo haya ni ya msimu wa kufungua shule na hayatatufaa baada ya Januari 12.”

Kifungu hicho hicho kina mtego ambao wafanyabiashara wengi hawaujui. Kinaeleza kwamba mtu akikubali kutekelezewa kwa wakati mwingine tofauti na ule uliokubaliwa, hawezi tena kudai fidia ya kuchelewa, isipokuwa kama wakati wa kukubali alitoa taarifa kwamba anakusudia kudai. Maana yake ni nzito. Mwenye duka akijibu ahadi ya Februari kwa neno “sawa” katika ujumbe wa simu, kisha matangazo yakarushwa usiku, huenda amejifungia mlango mwenyewe. Barua iandikwe kabla nafasi ya kwanza ya fidia haijarushwa.

> “Neno ‘sawa’ katika ujumbe wa simu linaweza kuufunga mlango wa madai.”

Kituo kinajibu nini

Haki inataka upande wa pili usikike, na vituo vina hoja. Ya kwanza ni mkataba. Fomu nyingi za maagizo zina sharti kwamba tangazo lisiporushwa, dawa pekee ni kulirusha upya. Sharti hilo haliwezi kupuuzwa, kwa sababu mfanyabiashara alilitia saini. Lakini “kurusha upya” kunabeba ndani yake thamani iliyouzwa. Kituo kinachotegemea sharti hili lazima kitoe saa za kilele kwa saa za kilele, ndani ya msimu wenye maana kwa tangazo husika. Kisipoweza, hakijatimiza hata sharti lake chenyewe, na hoja ya kurudisha fedha inafufuka. Anayeagiza leo ana njia rahisi zaidi. Kabla ya kusaini, aombe sharti liongezwe maneno “zenye thamani ileile, ndani ya siku 7, la sivyo fedha zirudishwe”.

Hoja ya pili ni nguvu zisizozuilika: radi imepiga mnara, umeme wa gridi umekatika, taifa limepata msiba. Tarehe 17 Machi 2021, kifo cha Rais John Magufuli kilipotangazwa, nchi iliingia katika maombolezo, na hakuna mfanyabiashara mwungwana ambaye angekilaumu kituo kwa kuahirisha tangazo la ofa siku hizo. Ni kweli pia kwamba mengine yanayoitwa nguvu zisizozuilika yanazuilika. Jenereta kukosa mafuta ni uzembe. Adhabu ya mdhibiti nayo ina mwenyewe. Agosti 2020 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliisimamisha Clouds FM kwa siku saba kuhusiana na maudhui ya uchaguzi. Amri ya namna hiyo, kituo chochote kiwe kinakubaliana nayo au la, haitokani na jambo lolote alilofanya mwenye tangazo.

Jambo ambalo hoja hii hulificha ni tofauti kati ya kusamehewa lawama na kubaki na fedha. Radi inaweza kukiondolea kituo wajibu wa kulipa hasara aliyoipata mwenye duka. Haikipi kituo haki ya kula Sh40,000 za tangazo ambalo halikusikika. Sheria hiyohiyo ya Mikataba inamtaka mtu aliyepokea manufaa chini ya mkataba ambao baadaye umekuwa batili ayarudishe au alipe thamani yake. Kwa hiyo katika nafasi 12 za mtambo uliozimika, mjadala wa kosa la nani unaweza kuwa mrefu, lakini mjadala wa fedha ni mfupi.

Tuseme pia kwamba duka lilipewa nafasi kumi za bonasi, na kituo kinadai kwa hiyo hesabu imefutana. Bonasi ilikuwa sehemu ya kishawishi cha kununua, ikaahidiwa juu ya zile 90. Zawadi haiwezi kugeuzwa malipo ya deni baada ya deni kujitokeza.

Hoja iliyo nzito kuliko zote haipo kwenye sheria. Vituo vidogo vya mikoani huishi kwa matangazo, na fedha ya Desemba huwa imeshalipa mishahara na umeme ifikapo Januari. Kituo kikilazimishwa kurudisha milioni moja taslimu kinaweza kuyumba, wakati nafasi hewani kinazo. Hili ni kweli, na ndiyo sababu mlipaji mwenye busara huacha mlango wa nafasi za fidia wazi. Lakini ugumu wa kituo unaeleza kwa nini kiombe. Hautoi mamlaka ya kumwamulia mwenzake. Duka la sare nalo lilikopa mzigo wa Desemba, na sare zilizobaki rafuni zitasubiri hadi shule zitakapofunguliwa tena.

Barua yenyewe

Barua nyingi za malalamiko hushindwa kwa sababu zinaeleza uchungu na kusahau kiasi. Nyingine humwita meneja mwizi na kutishia mitandao, na tangu hapo mazungumzo hugeuka kuwa ya wanasheria. Kutorusha tangazo ni kuvunja makubaliano. Kunakuwa udanganyifu pale tu inapothibitika kwamba kituo kilighushi orodha au kiliuza muda kikijua hakina, na hilo halisemwi bila ushahidi mkononi. Barua nzuri ni kavu, fupi, na inamwezesha mhasibu ambaye hajawahi kumwona mwenye duka kuelewa afanye nini. Kwa mfano wetu ingesomeka hivi:

> *YAH: NAFASI 31 ZA MATANGAZO ZILIZOLIPIWA BILA KURUSHWA KAMA TULIVYOKUBALIANA*
>
> *Husika na kichwa cha habari hapo juu.*
>
> *Tulilipa Sh3,717,000 kwa nafasi 90 za tangazo la sekunde 30, kuanzia Desemba 26 hadi Januari 9, kwa ajili ya msimu wa kufungua shule. Nakala za agizo, ankara na risiti zimeambatishwa.*
>
> *Kwa mujibu wa orodha yenu ya kilichorushwa, nafasi 14 za jioni hazikurushwa, na nafasi 5 za saa 2:15 asubuhi zilirushwa saa 8:15 usiku. Nafasi nyingine 12, za Januari 3 na 4, zimeandikwa kuwa zilirushwa, lakini mtambo wa Mwanza haukuwa hewani. Tunaomba nakala ya kumbukumbu ya mtambo huo kwa siku hizo mbili, na rekodi zote zihusuzo zihifadhiwe.*
>
> *Kwa kuwa msimu umepita, nafasi za usiku za mwezi Februari hazitufai na hatuzikubali. Tunaomba mturejeshee Sh1,303,900, pamoja na kodi, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii.*
>
> *Badala yake, tuko tayari kupokea nafasi za saa za kilele zenye thamani hiyo katika wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa Julai, iwapo mtathibitisha tarehe na saa kwa maandishi ndani ya siku 7. Tukizipokea, tunahifadhi haki yetu ya kudai fidia kwa ucheleweshaji na kwa nafasi yoyote itakayokosekana tena.*

Kiasi hicho kimetoka wapi? Nafasi 22 za kilele zisizosikika, yaani 14 za jioni na nane za siku mbili za mtambo, ni Sh880,000. Nafasi nne za mchana za siku hizo mbili ni Sh100,000. Nafasi tano zilizohamia usiku hazidaiwi zote, kwa sababu kitu kilitolewa. Inadaiwa tofauti ya Sh25,000 kwa kila moja, jumla Sh125,000. Tunafika Sh1,105,000, na kodi yake ni Sh198,900. Kodi isisahaulike. Kituo kilichotoza kodi kwa huduma ambayo hakikuitoa kina utaratibu wa kurekebisha ankara, na duka halina sababu ya kuibeba. Jedwali la nafasi zote 31, likitaja tarehe, saa iliyolipiwa, kilichotokea na bei, liwe kiambatisho ili barua isizidi ukurasa mmoja.

Kuna kitu barua hii haikidai, nacho ni mauzo yaliyopotea. Kishawishi ni kikubwa kusema kwamba matangazo yangesikika duka lingeuza sare za milioni kumi zaidi. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinaruhusu fidia ya hasara inayotokana kwa kawaida na uvunjaji wa mkataba, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea, na kinakataa hasara ya mbali. Mwenye duka angelazimika kuonyesha kwamba mzazi fulani hakuja kwa sababu hakusikia redio. Wachache wanaweza. Na mara barua inapotaja milioni kumi zisizo na hesabu, milioni moja iliyo na hesabu hupoteza uzito wake.

Barua ipelekwe kwa mkono kwa meneja wa kituo, nakala kwa mhasibu, na nakala yako irudi ikiwa na muhuri, saini na tarehe ya kupokelewa. Kama malipo yalipitia kwa wakala wa matangazo, mwandikie yeye pia. Fedha zikirudi zitapitia kwake, na kamisheni aliyokata, ambayo kwa desturi ni asilimia 15, aliichukua juu ya matangazo ambayo hayakurushwa. Jibu lisipopatikana, njia ya mahakama iko wazi kwa miaka sita kwa madai ya mkataba chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, ingawa mtu atakayetumia miaka yote hiyo atakuta rekodi zimeshafutwa.

Vituo vinaweza kuumaliza ugomvi huu bila kusubiri sheria mpya. Orodha ya kilichorushwa hutoka kwenye kompyuta ya studio kila siku bila gharama. Iambatishwe kwenye kila ankara, pamoja na saa ambazo mtambo wa mkoa husika ulikuwa umezimika. Na wewe uliye na tangazo hewani wiki hii, omba orodha ya wiki hii Jumatatu asubuhi, uisome safu ya saa kabla ya safu nyingine yoyote.